Jedwali Linalolinganisha: Kufupisha Kitini cha Makuzi ya Mtoto kwa Ajili ya Mtihani



Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kukifupisha kitini cha nadharia za makuzi ya mtoto kiwe jedwali moja la ulinganisho la kusomea mtihani wa saikolojia ya elimu. Nitakaa na wanadharia watatu tu: Jean Piaget, Lev Vygotsky na Erik Erikson. Freud na Kohlberg wamo pia kwenye kitini chenu, lakini anayejua kuwapanga hawa watatu hatashindwa kuwapanga hao waliobaki.

Majedwali ninayoyaona kwenye madaftari yenu yana sura moja. Kushoto kuna majina ya wanadharia, juu kuna vichwa: mwaka wa kuzaliwa, nchi, hatua, umri, umuhimu kwa mwalimu. Yamepigwa rula vizuri, na wengine wametia rangi mbili. Kisha mtihani unasema, "Linganisha na tofautisha mtazamo wa Piaget na wa Vygotsky kuhusu jinsi mtoto anavyojifunza." Mwanafunzi anaandika ukurasa mzima wa Piaget, anaandika ukurasa mzima wa Vygotsky, halafu anamalizia, "Hivyo basi wanatofautiana." Wanatofautiana wapi? Hilo ameliacha mikononi mwa msahihishaji.

Kosa halikuanzia ndani ya chumba cha mtihani. Lilianza siku alipochora jedwali. Jedwali la namna ile ni mihtasari mitatu iliyosimamishwa ubavu kwa ubavu. Hakuna mahali ambapo Piaget na Vygotsky wamelazimishwa kujibu swali lilelile. Mwaka wa kuzaliwa hauwalinganishi, maana wote wawili walizaliwa mwaka 1896. Vygotsky alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37, na Piaget akaishi hadi 1980. Ni habari ya kusikitisha na ya kukumbukwa, ila haijibu swali la mtihani.

Jedwali lifaalo lina maswali kushoto na wanadharia juu. Maswali hayo hayatoki kichwani mwako. Yanatoka kwenye kitini chenyewe. Chukua penseli, si kalamu ya wino, usome mara ya kwanza bila kuandika lolote kwenye daftari. Kila aya unapoimaliza, weka herufi moja pembeni. Weka K kama aya inaeleza nini kinachokua ndani ya mtoto: fikra, au hisia na uhusiano wake na watu. Weka S kama inaeleza nini kinachomsukuma asonge mbele. Weka W kama inamtaja mtu mzima na kazi yake. Weka U kama inatoa ushahidi, yaani mwanadharia aliona nini, kwa watoto gani. Weka D kama inataja dosari au pingamizi la watafiti wengine. Kuna aya zitakazobaki bila herufi. Hizo mara nyingi ni za maisha ya mwanadharia au za kusifia saikolojia, na hazina nafasi kwenye jedwali.

Ukimaliza utashangaa. Kurasa za Piaget zitakuwa zimejaa K na U, kurasa za Vygotsky zimejaa S na W, na Erikson atakuwa na K nyingi kuliko kitu kingine. Hapo tayari umejifunza jambo ambalo kitini hakikulisema waziwazi: kila mmoja alikuwa anashughulikia swali lake. Piaget alitaka kujua maarifa yanajengekaje ndani ya mtoto. Vygotsky alitaka kujua utamaduni na watu wanaingiaje ndani ya fikra za mtoto. Erikson, aliyepitia mafunzo ya uchambuzi wa nafsi wa Freud, alitaka kujua mtu anajenga vipi nafsi yake katikati ya jamii, tangu anyonyeshwe hadi azeeke.

Sasa ndipo unapochora. Kila kisanduku kipewe sentensi moja fupi, tena iwe na kitenzi. Sheria ya kitenzi naisisitiza kwa sababu nomino tupu zinadanganya. Ukiandika "mwingiliano wa kijamii" kwenye kisanduku cha Vygotsky, usiku wa kuamkia mtihani utaisoma na kudhani umeelewa. Ukiandika "mtoto hufanya kwanza pamoja na mtu, kisha peke yake," umeandika nadharia yenyewe.

Hili ni jedwali langu, bila mistari ya ushahidi na dosari, ambayo nitaizungumzia mbele.

| Swali | Piaget | Vygotsky | Erikson |
|---|---|---|---|
| Nini kinakua? | Namna ya kufikiri inabadilika, si wingi wa maarifa tu. | Fikra zinabadilika mtoto anapozishika lugha na zana za jamii yake. | Nafsi inajengeka kwa kupambana na mgogoro wa kila umri. |
| Nini kinamsukuma? | Anakutana na jambo lisiloingia kwenye alivyozoea kuelewa, analazimika kurekebisha. | Anasaidiwa kufanya asichokiweza peke yake. | Mwili unakua, na jamii inamdai jambo jipya. |
| Mtu mzima anafanya nini? | Anaandaa vitu na maswali, anampa nafasi ya kugundua. | Anaongoza, kisha anapunguza msaada. | Anamwitikia kwa namna inayomjengea au kumbomolea imani. |
| Hatua ni zipi? | Nne, kwa mpangilio usiobadilika. | Hatua si kiini cha hoja yake. | Nane, hadi uzeeni. |

Tazameni kisanduku cha Vygotsky kwenye mstari wa hatua. Wanafunzi wengi wanakiogopa kwa sababu kinaonekana kitupu, wanakijaza kwa kubuni. Wapo waliowahi kumpa Vygotsky hatua nne za Piaget, wakambadilishia majina. Ni kweli kwamba aliandika kuhusu vipindi vya umri na misukosuko ya mpito, kama ile ya mwaka wa tatu na wa saba, lakini hoja iliyompa jina katika elimu haikai humo. Basi kisanduku hicho kiacheni kama kilivyo. Swali likija la kutofautisha, hicho ndicho kisanduku chenye uzito: Piaget anasema ukuaji hutangulia na ujifunzaji hufuata, kwa hiyo umri na hatua vinampa mwalimu mipaka, Vygotsky anasema ujifunzaji ulioongozwa vizuri ndio unaoukokota ukuaji, kwa hiyo hatua haiwezi kuwa mpaka wa kumsubiri mtoto.

Vitini vingine vinamalizia kwa sentensi kwamba wanadharia wote wanakubaliana mtoto hukua kwa hatua. Ifuteni.

Natamani sasa niingie ndani zaidi kwenye jambo moja ambalo wanafunzi hulipita haraka, nalo linastahili mstari wake. Ni mtoto anayejisemesha. Mmemwona: mtoto wa miaka minne au mitano anachora nyumba huku anasema, "Sasa mlango... hapa dirisha... hapana, hapa." Hamzungumzii mtu. Piaget aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu lugha na fikra za mtoto. Aliliona kuwa dalili ya mtoto asiyeweza bado kujiweka mahali pa mwenzake: anasema bila kujali kama anasikilizwa. Kadiri anavyokua na kuzoea kuzungumza na wengine kwa kweli, usemi huo unafifia na kupotea.

Vygotsky aliangalia jambo lilelile akalisoma kinyume. Yeye na wenzake waliwatatiza watoto wakiwa kazini. Mtoto anajiandaa kuchora, penseli ya rangi anayoitaka haipo. Walichokiona ni kwamba usemi wa kujisemesha ulikaribia kuongezeka maradufu pale kazi ilipokuwa ngumu. Kama usemi huo ungekuwa masalio tu ya utoto, ugumu wa kazi usingeuongeza. Vygotsky akahitimisha kwamba mtoto anautumia kupanga kazi yake, na kwamba haupotei: unaingia ndani, unakuwa ule usemi wa kimya ambao mtu mzima anautumia akitafuta funguo alizozisahau. Tena alikuwa na hoja ya pili. Watoto walipowekwa pamoja na wenzao wasioweza kuwaelewa, kama vile viziwi au wanaosema lugha nyingine, kujisemesha kulipungua sana. Basi usemi huo una asili ya kijamii tangu mwanzo. Mtoto anapojua hakuna wa kumwelewa, nao unapungua.

Piaget aliyapata maoni haya ya Vygotsky kwa kuchelewa mno. Majibu yake yalichapishwa mwaka 1962, miaka 28 baada ya mwenzake kufariki, na ndani yake alikubali kwamba usemi wa kujisemesha ni chanzo cha usemi wa ndani, ingawa hakuacha dai lake kwamba mtoto mdogo hushindwa kuona kwa jicho la mwenzake.

Kwa nini nimekaa hapa muda wote huu? Kwa sababu huu ndio ulinganisho halisi. Tukio ni moja, tafsiri ni mbili, na kila tafsiri inamtuma mwalimu afanye jambo tofauti. Anayemfuata Piaget ataliacha darasa la awali lijisemeshe likisubiri umri. Anayemfuata Vygotsky hatawanyamazisha watoto wanaonong'ona wakati wa hesabu, maana kunyamazisha hapo ni kuwanyang'anya zana ya kazi. Andikeni mstari huo kwenye jedwali: "Mtoto anajisemesha, maana yake nini?" Kwa Erikson kiacheni kisanduku kitupu bila wasiwasi.

Nirudi kwenye mstari wa ushahidi, herufi U. Huu ndio unaowatenganisha waliosoma na waliokremu. Kwa Piaget andikeni kwamba aliwachunguza kwa karibu watoto wake watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, na kwamba kwa watoto wakubwa zaidi alitumia majaribio madogo yenye maswali. Kwa Vygotsky andikeni majaribio ya kujisemesha niliyoyaeleza, pamoja na mfano wake wa watoto wawili ambao wakipimwa peke yao wote wanafikia kiwango cha miaka 8. Wakisaidiwa kwa maswali na vidokezo, mmoja anafika kiwango cha miaka 9, mwingine cha miaka 12. Kipimo cha kawaida kingesema watoto hawa wako sawa. Tofauti kati ya anachoweza peke yake na anachoweza akisaidiwa ndiyo aliyoiita ukanda wa ukuaji wa karibu, na mfano huu unaufafanua kuliko ufafanuzi wa kitini. Kwa Erikson andikeni kazi yake ya kliniki, pamoja na muda aliokaa na jamii za Wasioux na Wayurok huko Marekani akitazama jinsi wanavyolea watoto. Utaona mara moja dosari yake: mgogoro wa imani dhidi ya kutoamini hauwekwi mezani ukapimwa kama maji kwenye glasi.

Na dosari ya Piaget? Kitini kitasema aliwadharau watoto wadogo. Hilo halitoshi. Andikeni kisa. James McGarrigle na Margaret Donaldson walichapisha mwaka 1974 jaribio kuhusu idadi. Piaget alikuwa anapanga safu mbili za vitu zilizo sawa, anaitandaza moja, kisha anamuuliza mtoto kama bado ziko sawa. Mtoto wa miaka mitano mara nyingi husema ile ndefu ina vingi. Hawa wawili walileta mwanasesere wa dubu mtundu ambaye "anakuja kuharibu mchezo" na kuitandaza safu. Swali lilipoulizwa baada ya utundu wa dubu, watoto wengi zaidi walisema idadi haijabadilika. Huenda basi kwenye jaribio la kwanza mtoto alikuwa anajiuliza mtu mzima amebadilisha kitu kwa makusudi gani, halafu anaulizwa tena swali lilelile, ndipo akadhani anatakiwa abadilishe jibu. Kisa hiki kinabeba dosari mbili kwa pamoja: umri aliouweka Piaget ni mkubwa kuliko uhalisia, na jaribio lenyewe lilichangia jibu.

Kuna kosa dogo linalojirudia kwenye mstari wa dosari na wa mtu mzima. Ule msaada wa kumjengea mtoto jukwaa na kuliondoa kidogokidogo si maneno ya Vygotsky. Yalitoka kwa Wood, Bruner na Ross mwaka 1976, nayo yanaendana na mawazo yake. Andika "waliofuata Vygotsky," umepona.

Sasa umri. Najua mnapenda jedwali lenye miaka kushoto: 0 hadi 2, 2 hadi 7, na kuendelea, kila mwanadharia akiwekewa hatua yake mbele ya miaka hiyo. Lina kazi yake. Swali likisema, "Eleza sifa za mtoto wa darasa la pili," unaliangalia na kuona kwamba kwa Piaget ameingia, au anaingia, hatua ya utendaji wa vitu halisi, ya takribani miaka 7 hadi 11, na kwa Erikson yuko kwenye bidii dhidi ya kujiona duni, takribani miaka 6 hadi 12. Hatari yake ni kwamba mistari inayokaa karibu inakufanya uamini inapima kitu kimoja. Hatua ya Piaget hupimwa kwa namna mtoto anavyofikiri. Ya Erikson kwa namna anavyojiona mbele ya kazi na ya watu. Mtoto anaweza kuwa hodari wa mantiki na bado akajiona hafai. Kohlberg ndiye anayeharibu zaidi jedwali la umri, kwa kuwa hatua zake hazifungwi na miaka: watu wazima wengi wanabaki hatua za kati, na anayesema "usiibe" na anayesema "iba" wanaweza kuwa hatua moja, maana kinachopimwa ni sababu wanayotoa.

Jedwali likishakamilika lipimeni kwa mtoto mmoja. Chukua msichana wa miaka sita, darasa la kwanza. Mwalimu amemimina maji sawasawa kwenye glasi mbili fupi pana, mtoto amekubali ni sawa. Mwalimu anamimina ya glasi moja kwenye glasi ndefu nyembamba, anauliza ipi ina mengi. Mtoto anaonyesha ile ndefu, wenzake wanacheka.

Pita na kidole mstari kwa mstari. Kwa Piaget, mtoto ameshikwa na urefu, hajaweza kuuoanisha na upana, wala kuyarudisha maji kichwani mwake. Kumkaririsha kwamba "maji ni yaleyale" hakusaidii. Mpe vyombo amimine mwenyewe, huku na huko, mara nyingi. Kwa Vygotsky, jibu lile la peke yake ni nusu ya habari. Muulize, "Nikiyarudisha kwenye glasi ya kwanza yatafika wapi?" Akijibu sawa kwa kidokezo hicho, yuko kwenye ukanda wake, na hapo ndipo pa kumfundishia leo. Kwa Erikson, maji si hoja kubwa. Kicheko ndicho hoja. Mwalimu akikiacha, mtoto huyu anaanza kujihesabu miongoni mwa wasioweza, katika umri uleule ambao shule inampa kipimo chake cha kwanza cha kazi.

Kama jedwali lako limekupa majibu matatu yasiyofanana, ni jedwali zima. Kama visanduku viwili vimesema jambo lilelile, rudi kwenye kitini. Umeandika nomino mahali palipohitaji kitenzi.

Kutoka hapo kuandika insha ni kazi nyepesi kuliko mnavyodhani, ilimradi usome jedwali kwa mlalo. Kila mstari ni aya moja, na sentensi ya kwanza inawataja wote wawili. Kwa mfano: "Piaget na Vygotsky wote wanakubali kwamba mtoto hujenga maarifa kwa kutenda, lakini wanatofautiana kuhusu kinachomsukuma: kwa Piaget ni mgongano kati ya anachojua na anachokiona, kwa Vygotsky ni msaada wa anayejua zaidi." Fuatisha ushahidi mmoja kwa kila upande, kisha sentensi moja ya darasani. Mistari minne iliyoandikwa hivyo ni insha kamili, na msahihishaji hatafuti tofauti kwa tochi. Ukisoma jedwali kwa wima, unarudi kwenye kurasa mbili zisizojuana.

Jedwali lisizidi upande mmoja wa karatasi. Likizidi, kinachopaswa kupunguzwa ni maisha ya wanadharia na majina ya hatua za utu uzima za Erikson, si mstari wa ushahidi. Na wale ambao kitini chao hakina ushahidi wowote wa Erikson wala pingamizi lolote kwa Piaget, nawaomba wamfuate mkufunzi wao wiki hii maktaba ikiwa wazi. Usiku wa kuamkia mtihani hamtampata.